Kila kundi limepanda, jumla imeshuka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kitendawili cha Simpson kwenye ripoti za kampeni

Maswali haya ninaulizwa zaidi siku za kufunga mwezi, na wanaouliza ni watu wanaosimamia matangazo ya mtandaoni. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: duka linalouza vyombo vya jikoni kwa mtandao, mwezi Machi na mwezi Aprili. Kisa chenyewe nilikuwa ndani yake. Tarakimu nimezirahisisha ili uweze kuzifuata kwa kikokotoo cha simu.

### Hebu tuanze na kisa. Nini kilitokea?

Matangazo yetu yalikuwa yanawafikia watu wa aina mbili. Kuna wateja wa zamani, yaani waliowahi kununua au angalau kuingia kwenye tovuti yetu, wakafungua sufuria mbili tatu wakaondoka. Na kuna wageni, ambao hawajawahi kutusikia. Aprili tuliongeza bajeti karibu mara mbili, tukabadilisha picha za matangazo, na tukafupisha ukurasa wa malipo. Mwezi ulipoisha hali ilikuwa hivi:

| Kundi | Mwezi | Mibofyo | Oda | Kiwango cha ununuzi |
|---|---|---|---|---|
| Wateja wa zamani | Machi | 6,000 | 480 | 8% |
| Wateja wa zamani | Aprili | 5,000 | 450 | 9% |
| Wageni | Machi | 4,000 | 80 | 2% |
| Wageni | Aprili | 20,000 | 500 | 2.5% |
| Jumla | Machi | 10,000 | 560 | 5.6% |
| Jumla | Aprili | 25,000 | 950 | 3.8% |

Kijana wa matangazo alikuja kikaoni na safu nne za juu, akasema kila kundi limepanda. Mhasibu alikuja na safu mbili za chini, akasema tumeanguka kutoka 5.6% hadi 3.8%. Bosi wetu, ambaye wote tunamwita Mama, alivua miwani akauliza, "Sasa wanangu, nani kati yenu anayenidanganya?" Hakuna aliyedanganya. Safu zote sita ni sahihi, na ukitaka zijumlishe mwenyewe.

### Inawezekanaje makundi yote mawili yapande halafu jumla ishuke? Si hesabu imekosewa?

Fikiria mama anayeuza samaki, changu na dagaa. Mwezi huu changu amepandisha bei, dagaa nao amepandisha. Lakini wateja wake wengi mwezi huu wamechukua dagaa, ambao bei yao iko chini ya changu. Ukigawanya pesa zote alizopata kwa kilo zote alizouza, bei ya wastani kwa kilo inaweza kuwa imeshuka, ingawa hakuna samaki hata mmoja aliyeuzwa kwa bei ya chini kuliko mwezi uliopita. Kilichobadilika ni kilichomo kwenye beseni.

Kwetu ni hivyo hivyo. Kiwango cha jumla si namba inayojitegemea. Ni wastani wa viwango vya makundi, kila kundi likivuta kwa uzito wa mibofyo yake. Machi, wateja wa zamani walikuwa mibofyo 6 katika kila 10, kwa hiyo jumla ilivutwa kuelekea 8%. Aprili walikuwa 2 tu katika kila 10, na jumla ikavutwa chini kuelekea kwa wageni. Wageni wamepanda kweli, kutoka 2% hadi 2.5%, lakini hiyo 2.5% yao bado iko mbali sana chini ya 8% ya wenzao.

Hapa pana jambo moja la kushika. Ili jumla igeuke namna hii, lazima pengo kati ya makundi liwe kubwa kuliko maendeleo ndani ya makundi. Kwetu pengo lilikuwa pointi 6, na maendeleo yalikuwa pointi 1 kwa kundi moja na nusu pointi kwa jingine. Makundi yangekuwa yanakaribiana, tuseme 4% na 3.8%, ungeweza kuhamisha watu utakavyo na jumla isingeshuka kwa kiasi cha kumshtua mtu.

Na kama mgao wa mibofyo haukubadilika, kitendawili hakiwezekani kabisa. Makundi yote yakipanda na mgao ukabaki ule ule, jumla lazima ipande. Ukiona imeshuka hapo, ndipo utafute kosa la hesabu.

### Jina hili la Simpson limetoka wapi?

Edward Simpson, mtakwimu Mwingereza, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1951. Udny Yule alikuwa ameshaligusa mwaka 1903, na jina la "kitendawili cha Simpson" lilikuja baadaye, mwaka 1972, kwa Colin Blyth. Kwa hiyo aliyepewa sifa si wa kwanza kuliona. Hutokea.

Mfano wa vitabuni unaotajwa sana ni wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, mwaka 1973. Kwa jumla, wanaume waliokubaliwa masomo ya juu walikuwa karibu 44% ya walioomba, na wanawake karibu 35%. Ilionekana ni ubaguzi wa wazi. Ukiangalia idara moja moja, pengo hilo karibu linapotea, na katika idara kadhaa wanawake ndio waliokubaliwa kwa kiwango kikubwa zaidi. Wanawake wengi walikuwa wameomba idara ngumu kuingia, zinazokataa waombaji wengi.

Kwa mtu wa kampeni napenda zaidi mfano wa hospitali, wa mawe ya figo, uliochapishwa Uingereza mwaka 1986. Upasuaji wa wazi ulifaulu 78% kwa jumla, na njia ya kutoboa tundu dogo ilifaulu 83%. Lakini kwa mawe madogo upasuaji wa wazi ulishinda, 93% kwa 87%, na kwa mawe makubwa pia ulishinda, 73% kwa 69%. Sababu ni kwamba madaktari walikuwa wanapeleka kesi ngumu kwenye upasuaji wa wazi. Ukibadilisha "mawe makubwa" kuwa "wageni", umeshaielewa ripoti yetu ya Aprili: tuliyapa matangazo yetu kazi ngumu zaidi.

### Mgao ulibadilika kwa nini? Sisi hatukugusa mipangilio ya makundi.

Hamkuhitaji kuigusa. Mliongeza bajeti, na hilo linatosha.

Wateja wa zamani ni bwawa lenye ukingo. Kama watu 40,000 wamewahi kuingia kwenye tovuti yako, basi ni hao hao 40,000, hata ukiweka pesa mara tatu. Pesa ya ziada ikishindwa kutumika kwao, mfumo wa matangazo unaipeleka kwa walio wengi, yaani wageni. Ndiyo maana ongezeko kubwa la bajeti mara nyingi hushusha kiwango cha jumla, hata pale ambapo kazi ya matangazo imekuwa nzuri zaidi.

Yapo mengine yanayohamisha mgao bila mtu kugusa kitu. Msimu wa sikukuu huleta wadadisi wengi. Video ikisambaa, inaleta watu wa simu kutoka mikoa ambayo hamfikishi mzigo. Mshindani akipandisha dau kwenye kundi fulani, ninyi mnasukumwa kwenye kundi jingine. Katika yote hayo jambo la kuuliza ni moja: mwezi huu nani aliyebofya, ukilinganisha na mwezi uliopita?

### Nitajuaje haraka kama ripoti yangu ina jambo hili?

Weka safu ya mgao pembeni ya safu ya kiwango. Ripoti nyingi za kampeni huonyesha kiwango cha kila kundi na kuishia hapo, na hapo ndipo watu wanapopotea. Kama data yako iko kwenye hifadhidata, swali hili dogo linatosha:

```sql
SELECT kundi, mwezi,
       SUM(mibofyo) AS mibofyo,
       100.0 * SUM(oda) / SUM(mibofyo) AS kiwango,
       100.0 * SUM(mibofyo)
         / SUM(SUM(mibofyo)) OVER (PARTITION BY mwezi) AS mgao
FROM kampeni
GROUP BY kundi, mwezi
ORDER BY kundi, mwezi;
```

Kwetu safu ya mgao inasema 60 na 40 kwa Machi, halafu 20 na 80 kwa Aprili. Ukishaona hivyo, huna tena haja ya kushangaa.

Hiyo `100.0` usiiandike `100`. Katika baadhi ya hifadhidata, PostgreSQL ikiwemo, namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima desimali hukatwa. Kwa hiyo 2.5% itasomeka 2, na maendeleo ya wageni yatafutika mbele ya macho yako.

### Je, naweza kupima ni kiasi gani kimetokana na mgao na kiasi gani na kazi yetu?

Ndiyo, na ndiyo hesabu ninayoithamini kuliko zote kwenye mada hii. Unajiuliza: kama watu wa Aprili wangekuwa na mgao ule ule wa Machi, jumla ingekuwa ngapi?

Chukua viwango vya Aprili, uvipe uzito wa Machi. 60% mara 9 ni 5.4. 40% mara 2.5 ni 1.0. Jumla ni 6.4%. Kwenye Excel, kama mibofyo ya Machi iko safu B na viwango vya Aprili viko safu C, andika:

```
=SUMPRODUCT(B2:B3,C2:C3)/SUM(B2:B3)
```

Sasa unaweza kukigawa kile kishuko. Kutoka 5.6 hadi 6.4 ni ongezeko la pointi 0.8, na hilo ni matunda ya picha mpya na ukurasa mfupi wa malipo. Kutoka 6.4 hadi 3.8 ni punguzo la pointi 2.6, na hilo ni mgao. Jumla yake ni punguzo la pointi 1.8, ambalo ndilo alilolileta mhasibu.

Mtu makini ataniuliza kwa nini nimetumia uzito wa Machi na si wa Aprili. Ana haki ya kuuliza. Ukitumia wa Aprili, viwango vya Machi vinatoa 20% mara 8 na 80% mara 2, sawa na 3.2%. Hapo kazi yetu inaonekana imeongeza pointi 0.6 badala ya 0.8, na mgao umepunguza 2.4 badala ya 2.6. Zote ni halali. Jibu la "kiasi gani" linategemea kidogo umesimama wapi, lakini mwelekeo ni ule ule pande zote mbili. Mimi huchagua mwezi mmoja wa kulinganishia mwanzoni mwa mwaka na kubaki nao. Mtu anayebadilisha uzito kila mwezi atapata ripoti anayoitaka, na wenzake watakuja kugundua.

### Mwenzangu anachukua wastani wa asilimia za makundi. Anapata kupanda. Ni sawa?

Si sawa. Machi (8 + 2) ÷ 2 ni 5. Aprili (9 + 2.5) ÷ 2 ni 5.75. Inaonekana tatizo limekwisha, kumbe amelifunika. Hesabu hiyo inadai kwamba mibofyo 5,000 ya wateja wa zamani ina uzito sawa na mibofyo 20,000 ya wageni, na hakuna mwezi ambao mgao ulikuwa nusu kwa nusu. Kama anataka kuondoa athari ya mgao, afanye kama nilivyoonyesha hapo juu, kwa uzito wa mwezi uliowahi kuwepo.

### Basi tukubaliane: namba za makundi ndizo za kweli, jumla ni ya kupotosha. Au sivyo?

Hapana, na ndiyo sababu hasa ya mimi kuandika yote haya. Watu wakishajifunza kitendawili hiki, huanza kukitumia kama kinga. Jumla ikishuka wanasema "ah, ni Simpson tu huyo," na kikao kinafungwa. Kumbe mgao wenyewe unaweza kuwa ndiyo habari mbaya.

Tuweke pesa mezani. Tuseme bofyo la mteja wa zamani lilitugharimu shilingi 200 na la mgeni shilingi 100, miezi yote miwili. Wateja wa zamani: oda moja ilitugharimu 2,500 Machi, ikashuka hadi 2,222 Aprili. Wageni: kutoka 5,000 hadi 4,000. Kila kundi limekuwa nafuu. Jumla yake? Machi tulitumia 1,600,000 kwa oda 560, yaani 2,857 kwa oda. Aprili 3,000,000 kwa oda 950, yaani 3,158 kwa oda. Jumla imekuwa ghali. Ni kitendawili kile kile, ila sasa kimevaa shilingi.

Nani wa kusikilizwa? Inategemea oda moja inakuachia nini kabla ya kulipa matangazo.

Kama inakuachia 6,000, Machi ulibaki na 1,760,000 na Aprili 2,700,000. Umefanya vizuri sana, na kushuka kwa kiwango cha jumla hakukupunguzii hata senti. Umewafikia watu wengi zaidi ambao ni wagumu kidogo kuwauzia, na bado kila mmoja wao anakuletea faida.

Kama inakuachia 3,000, Machi ulibaki na 80,000 na Aprili umepata hasara ya 150,000. Soma tena sentensi hiyo ukijua kwamba makundi yote mawili yameimarika. Oda ya mgeni inakugharimu 4,000 na kukurudishia 3,000, kwa hiyo kila mgeni anayenunua anaondoka na shilingi 1,000 yako. Machi walikuwa 80, Aprili ni 500. Umeboresha kitu kinachokula hasara, halafu ukakifanya kwa wingi. Hapa mhasibu ndiye aliyekuwa na neno la kusikilizwa, na kijana wa matangazo, pamoja na namba zake safi, alikuwa anatupeleka shimoni.

Kwetu ilikuwa katikati. Sufuria ziliacha faida ya kutosha, vikombe havikuacha. Mama alisikiliza yote, akauliza swali moja: "Hao wageni wananunua nini?" Walikuwa wananunua vikombe.

### Kwa hiyo kanuni ya kuchagua ni ipi?

Angalia unaamua jambo gani. Ukitaka kujua kama picha mpya ni bora kuliko ya zamani, au ukurasa mfupi wa malipo umesaidia, angalia makundi, au jumla iliyosawazishwa kwa mgao mmoja. Mgao hapo ni kelele tu, haukutokana na picha. Ukitaka kujua kama pesa uliyoongeza imetumika vizuri, mgao ni sehemu ya matokeo ya uamuzi wako, na kuufuta ni kujifumba macho. Jumla ndiyo jibu, ila iwe jumla ya shilingi, si ya asilimia.

### Makundi yapi nitumie? Nikigawanya tofauti si napata jibu tofauti?

Unapata. Ukigawanya kwa simu na kompyuta unaweza kuona kupanda, ukigawanya tena kwa mkoa ukaona kushuka, ukiongeza umri ukaona kupanda upya. Hakuna mahali ambapo hesabu yenyewe inakuambia "hapa simama." Hilo linaamuliwa na unavyoijua biashara yako.

Ninachofuata mimi ni hiki: kundi liwe jambo lililokuwepo kabla mtu hajaliona tangazo. Alikuwa mteja au hakuwa, anatumia simu au kompyuta, yuko Mwanza au Mombasa. Hayo tangazo haliwezi kuyabadilisha. Kinyume chake ni makundi kama "waliotazama video hadi mwisho" au "walioweka bidhaa kwenye kikapu." Tangazo jipya ndilo linaloamua nani ataingia humo, na ukigawanya kwa kigezo hicho umekata matokeo yako mwenyewe vipande. Video fupi zaidi, kwa mfano, itatazamwa hadi mwisho na watu wengi, wakiwemo wasio na nia ya kununua. Kiwango cha ununuzi cha "waliomaliza video" kinashuka bila oda hata moja kupotea.

Na makundi yaandikwe kabla ya mwezi kuanza. Ukiyachagua baada ya kuona matokeo, utakuta umechagua yale yanayokupendeza, hata bila kukusudia.

### Nimeona makundi yote yamepanda lakini jumla haijasogea kabisa. Ni kitendawili hicho hicho?

Ni ndugu yake, na ana hila zaidi. Huyu hutokea mtu anapohamisha mpaka kati ya makundi.

Chukua Aprili yetu. Tuseme "mteja wa zamani" alikuwa yeyote aliyetutembelea ndani ya siku 90, kisha mtu akabadilisha ikawa siku 30. Kati ya mibofyo 5,000 ya wateja wa zamani, 2,000 ilikuwa ya watu wa siku 31 hadi 90, walioleta oda 120, yaani 6%. Hao sasa wanahesabiwa wageni. Wateja wa zamani wanabaki na mibofyo 3,000 na oda 330, ambayo ni 11%, imepanda kutoka 9%. Wageni wanakuwa na mibofyo 22,000 na oda 620, karibu 2.8%, imepanda kutoka 2.5%. Jumla bado ni oda 950 kwa mibofyo 25,000. Hakuna mtu hata mmoja aliyenunua zaidi.

Kwa nini? Hao waliohamishwa walikuwa dhaifu kuliko wastani wa kundi walilotoka, na hodari kuliko wastani wa kundi walilohamia. Wameondoka kule wakaacha wastani umepanda, wameingia huku wakaupandisha.

Ukiona makundi yote yameruka siku moja, tena bila jumla kusogea, usitafute tangazo lililofanya maajabu. Tafuta nani amebadilisha mipangilio.

### Nikifanya jaribio la A na B nimeepuka, sivyo?

Umeepuka, mradi mgao wa watu kati ya A, tangazo la zamani, na B, tangazo jipya, haukubadilika jaribio likiendelea. Kosa la kawaida ni kuanza kwa tahadhari: Ijumaa unampa B watu 10% tu, ukiona hakuna kilichoharibika, Jumamosi unampa 50%.

Ijumaa wanaingia watu 10,000. A anapata 9,000 na oda 360, yaani 4%. B anapata 1,000 na oda 45, yaani 4.5%. Jumamosi wanaingia 10,000 wengine, lakini ni siku ya watu kuzurura bila kununua. A anapata 5,000 na oda 100, yaani 2%. B anapata 5,000 na oda 115, yaani 2.3%. B ameshinda siku zote mbili. Sasa jumlisha: A ana oda 460 kwa watu 14,000, karibu 3.3%. B ana 160 kwa 6,000, karibu 2.7%. Dashibodi itakuambia umtupe B.

Watu wengi wa B wametoka siku mbaya, basi. Dawa ni kutobadilisha mgao, au kuziacha nje ya hesabu siku za kujipima, au kulinganisha siku kwa siku halafu kuziunganisha kwa uzito mmoja kwa wote wawili.

### Hayo maendeleo ndani ya makundi yenyewe ni ya kuaminika?

Swali zuri, kwa sababu kila ukigawanya, namba zinakuwa ndogo na bahati inapata nafasi. Kwenye mfano wetu, tofauti ya 8% na 9% kwa wateja wa zamani inaweza kuyumba kwa bahati tu karibu pointi 1 huku au kule. Maendeleo yenyewe ni pointi 1. Yaani yako ukingoni kabisa, na ya wageni vilevile. Kushuka kwa jumla kutoka 5.6% hadi 3.8% kunayumba kwa nusu pointi tu, kwa hiyo huko hakuna ubishi.

Hilo linachekesha kidogo: kijana wa matangazo alikuwa na habari njema isiyo na uhakika, mhasibu alikuwa na habari mbaya yenye uhakika lakini isiyoeleweka. Na hayo ni makundi yenye maelfu ya mibofyo. Ukishuka hadi makundi ya mibofyo 40 yenye oda 3, usiseme kimepanda wala kimeshuka.

### Nimwandikieje bosi asiyependa takwimu?

Usiandike neno "kitendawili," wala "Simpson." Hii ndiyo aya tuliyompelekea Mama baada ya kile kikao, karibu neno kwa neno:

"Oda zimepanda kutoka 560 hadi 950. Kati ya kila watu 10 waliobofya, Machi 6 walikuwa wateja wetu, Aprili 2. Kwa kuwa wageni hununua kwa nadra, kiwango cha jumla kimeshuka hadi 3.8%. Kwa watu wa mchanganyiko wa Machi kingekuwa 6.4%. Mgeni mmoja anayenunua anatugharimu 4,000 ya matangazo. Akinunua sufuria tunapata, akinunua kikombe tunapoteza. Tunaomba kuondoa vikombe kwenye matangazo ya wageni kuanzia Mei."

Alijibu kwa ujumbe wa simu: "Ondoeni. Na hiyo safu ya 6 kwa 10 iwepo kila mwezi."